Chai ya nyuzi 86, sebule ya nyuzi 16: dakika ya 10 inapoa kwa kasi gani?

kidato5_njombe
Wakuu, kamwene. Niko nyumbani Njombe likizo, baridi ya Julai mnaijua, na nimekaa na karatasi ya mtihani wa hesabu za BAM iliyonirudisha nyuma. Natafsiri swali kadiri ninavyoweza. Chai imemiminwa kikombeni na halijoto yake baada ya dakika t ni

```
T = 16 + 70e^(-0.03t)
```

Sehemu ya kwanza inataka kasi ya mabadiliko ya halijoto dakika ya 0, ya 10 na ya 20. Hiyo nimedifarenshieti vizuri, nikapata -2.1, -1.56 na -1.15, nikapewa vema zote. Sehemu ya pili inasema eleza maana ya majibu yako. Niliandika "kasi inapungua kwa sababu chai inaishiwa moto". Sifuri. Pembeni kalamu nyekundu imeandika: "Kipimo kiko wapi? Na inapungua kweli?"

Sasa nimechanganyikiwa mara mbili, maana kaka yangu naye kasema hata hiyo ya dakika ya 10 si -1.56, ni -1.81, na alipiga hesabu mbele yangu. Nani yuko sahihi?

Baridi_Kali
Kaka yako yuko sahihi, dogo. Mnapenda kuzungusha mambo. Weka t = 10 kwenye fomula, unapata 67.86. Chai ilianza na 86. Imeshuka 18.14 kwa dakika 10, gawanya, 1.81 kwa dakika. Kasi ni umbali kugawa kwa muda tangu darasa la sita, hakuna haja ya kudifarenshieti chai.

Mwl_Mstaafu
Baridi_Kali, hesabu yako haina kosa hata moja, ila umejibu swali ambalo hukuulizwa. Basi likitoka Makambako kwenda Mbeya, ukigawa kilomita kwa saa unapata mwendo wa safari nzima. Trafiki akikusimamisha Igawa hakuulizi mwendo wa safari nzima. Anataka ule uliosomeka kwenye tochi yake pale ulipopita.

Ile 1.81 ni mwendo wa safari ya dakika 10 za kwanza. Ile 1.56 ni ya tochi, dakika ya 10 yenyewe. Zinatofautiana kwa sababu chai ilianza kwa pupa ikamaliza kwa kusuasua, kwa hiyo wastani umebeba pupa ya mwanzo.

Mdogo wangu wa Njombe, jaribu kitu kimoja kabla hatujaendelea. Tafuta kasi ya dakika ya 5, halafu uniambie imekukumbusha nini.

kidato5_njombe
Shikamoo mwalimu. Nimepata -2.1 mara e^(-0.15), ambayo ni -1.81. Hee! Ndiyo ile ya kaka!

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Basi kaka yako alipima dakika ya 5 bila kujua. Ukichukua mshuko wa kipindi kifupi ukagawa kwa muda wake, unapata karibu sana kasi ya katikati ya kipindi. Haiwi sawa kabisa, lakini kwa mstari unaopinda taratibu kama huu tofauti inafichwa na desimali. Usimcheke. Hiyo ndiyo njia pekee aliyo nayo mtu mwenye kipimajoto mkononi na asiye na fomula.

Turudi kwenye sifuri yako. Kipimo ni nyuzi kwa dakika, na bila hicho namba yako haina maana yoyote. Halafu sema ile -1.56 inatabiri nini. Ina maana kwamba pale dakika ya 10, chai ikiwa na nyuzi 67.86, inashuka kwa mwendo ambao ukibaki vilevile, itapoteza nyuzi 1.56 katika dakika inayofuata. Hautabaki vilevile, ndiyo maana ukipiga fomula kutoka dakika ya 10 hadi ya 11 unapata mshuko wa 1.53 tu.

Kwa dakika moja huoni tofauti. Ila chukua ile -2.1 ya mwanzo uiamini mpaka mwisho: chai ina nyuzi 70 za kupoteza, kwa mwendo huo ingemaliza kwa dakika 33 na kidogo, ikawa sawa na hewa ya sebuleni. Fomula yenyewe inasema wakati huo bado iko karibu 42, vuguvugu inayonyweka. Kasi ya papo hapo ni ahadi ya muda mfupi, ukiinyoosha inakudanganya.

MamaChapati_Mafinga
Samahanini jamani, mimi nasomea kwenye simu ya mwanangu. Nauza chai na chapati stendi. Naona mnaongea chai kupoa na mimi hilo ndilo linalonisumbua. Naijaza chupa saa 11 alfajiri, ikifika saa 2 wateja wananiambia mama chai imepoa. Na cha ajabu ikibaki robo chupa ndiyo inapoa haraka zaidi. Nimeshabadilisha kizibo. Hiyo 0.03 yenu ndiyo namba ya chupa nzuri au mbaya?

Baridi_Kali
Mama, hapa ni hesabu za shule, siyo biashara 😄

fundi_maabara
Baridi, mwache mama, kauliza swali zuri kuliko la mtihani. Mama shikamoo. Niko Uyole, kazi yangu ni vyombo vya maabara. Ile 0.03 ni ya kikombe kilicho wazi, chupa haifanani nayo hata kidogo. Ukijaza saa 11 chai ina joto gani, na saa 2 inabaki ngapi? Kama hujawahi kupima, azima kipimajoto cha maziwa kwa wafugaji.

MamaChapati_Mafinga
Marahaba baba. Nimeazima, nimepima leo. Saa 11 ilikuwa 88. Saa 2, imejaa sijaigusa, 70. Nje saa hizo ilikuwa 12. Na mbona chai imechemka kabisa lakini haikufika 100?

fundi_maabara
Haiwezi kufika 100 kwenye miinuko yetu, mama. Huku Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na kitu. Mpaka uyamimine chupani yameshapoteza nyingine.

Sasa angalia. Usiangalie 88 na 70, angalia ni kiasi gani chai imezidi hewa. Ilizidi kwa 76, saa tatu baadaye inazidi kwa 58. Ukitafuta ile namba ya kwenye kipeo unapata 0.0015 kwa dakika. Kikombe cha dogo ni 0.03. Chupa yako inashika joto mara 20 kuliko kikombe, kwa hiyo si mbovu kabisa. Ukizidisha hiyo 0.0015 kwa kile chai ilichozidi hewa, halafu kwa dakika 60, pale saa 11 ilikuwa inapoteza karibu nyuzi 7 kwa saa, saa 2 inapoteza 5 na kidogo.

Robo chupa kupoa haraka si ajabu. Joto linapenya ukutani na kwenye kizibo kwa kiasi kilekile au pungufu kidogo, ila sasa linatolewa kwenye chai kidogo. Ukimega mkate uleule kutoka ghala dogo, ghala linaisha upesi. Namba ya kipeo inapanda kila unapopunguza chai, na kila ukifungua kizibo unaingiza hewa ya Mafinga ndani. Ukiweza, tumia chupa mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ya pili usiiguse mpaka ya kwanza iishe.

kidato5_njombe
Ngoja kidogo. Kwa hiyo sihitaji kujua dakika ngapi zimepita? Wewe umetumia halijoto tu.

Mwl_Mstaafu
Hapo umegusa kiini. Difarenshieti tena polepole, uone kinachobaki.

```
dT/dt = -0.03 × 70e^(-0.03t) = -0.03 (T - 16)
```

Ile 16 ilipotea, maana sebule haipoi, haina mteremko. Na 70e^(-0.03t) ni nini? Ni T toa 16, yaani kile chai ilichozidi hewa. Kwa hiyo chai haina saa mkononi. Haijui imekaa dakika ngapi, inajua tu imeizidi sebule kwa kiasi gani. Niambie chai ina nyuzi 60, nitakwambia inapoteza 0.03 mara 44, yaani 1.32 kwa dakika, hata kama hujui ilimiminwa saa ngapi.

Hii inakusaidia kwenye mtego mwingine ambao watungaji wanaupenda: ni lini kasi itakuwa nusu ya ile ya mwanzo? Darasa zima hukimbilia 43, nusu ya 86. Hapana. Kinachotakiwa kuwa nusu ni ile tofauti, 70 iwe 35, chai ikiwa na nyuzi 51. Hiyo ni dakika ya 23. Chai inafika 43 karibu dakika ya 32, mbali kabisa.

Kwenye jibu lako, mdogo wangu, "inaishiwa moto" ndiyo ilikuwa na ukweli nusu. Chai ya nyuzi 16 ndani ya sebule ya 16 ina moto wake, ila haipoi. Kinachoisha ni tofauti.

Baridi_Kali
Sawa mwalimu, hiyo nimeikubali. Ila bado mwalimu wake kamuonea. Kutoka -2.1 kwenda -1.15, kasi imepungua au imeongezeka? Kwenye mstari wa namba -1.15 iko kulia ya -2.1, ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kasi IMEONGEZEKA. Dogo kakosa.

kidato5_njombe
Lakini chai inapoa polepole zaidi! Inaongezekaje?

Mwl_Mstaafu
Hapa mnabishania neno. `dT/dt` kweli inaongezeka, kutoka hasi kubwa kuelekea sifuri, na ukidifarenshieti mara ya pili unapata chanya kila wakati. Lakini "kasi ya kupoa" ni kitu kingine. Neno kupoa limeshabeba ile alama ya hasi ndani yake. Ukisema chai inapoa kwa kasi ya hasi 1.56, umesema inapata moto.

Mimi ningeandika: halijoto inabadilika kwa -1.56 nyuzi kwa dakika, au, chai inapoa kwa nyuzi 1.56 kwa dakika. Chagua mojawapo, usichanganye. Na ningesema kupoa kunapungua kasi, nisiseme "kasi inapungua" bila kutaja kasi ya nini.

Baridi_Kali
Na msahihishaji akitaka "inaongezeka"?

Mwl_Mstaafu
Nimesahihisha miaka mingi na tulikuwa tunagombana mezani kwa hilohilo. Wengine walikubali yote mawili, wengine hawakukubali. Siwezi kukuahidi.

fundi_maabara
Mimi nina ugomvi mwingine, na si wa maneno. Jana jioni nilichemsha maji, nikamimina kwenye kikombe cha bati, gramu 250, sebule yangu nayo ilikuwa 16. Nikaanza kuhesabu ilipofika 86 ili ifanane na swali la dogo. Dakika ya 5 nikasoma 73. Ya 10, 64. Ya 15, 57. Ya 20, 51.5.

Toa 16 kila mahali: 70, 57, 48, 41, 35.5. Kama fomula ni ya kweli, kila dakika tano ile tofauti inatakiwa ibaki na sehemu ileile ya ilivyokuwa, 0.86 kwa namba ya dogo. Mimi nimepata 0.81, halafu 0.84, halafu 0.85, halafu 0.87. Inapanda tu. Ukitaka kujua kama fomula ya namna hii inafaa kwa kikombe chako, hiki ndicho kipimo, hakihitaji logi wala grafu. Gawa inayofuata kwa iliyotangulia, uone kama inatulia.

Angalia ilivyoharibu ile kasi ya mwanzo. Fomula inasema dakika tano za kwanza wastani uwe 1.95 kwa dakika. Kikombe changu kilipoteza 13 kwa dakika tano, 2.6 kwa dakika. Ile -2.1 ya dakika ya sifuri ni mteremko wa fomula, siyo wa chai.

Baridi_Kali
Kipimajoto chako kibovu, mkuu. Au ulikaa mlangoni.

fundi_maabara
Nilidhani hivyo pia, kwa hiyo nikarudia na maji kiasi kilekile, kikombe kilekile, ila nikafunika na kisahani. Kuanzia 86: dakika ya 10 nikapata 73.5, ya 20 nikapata 63, ya 30 nikapata 54.5. Toa 16: 57.5, 47, 38.5. Kila dakika 10 inabaki 0.82, 0.82, 0.82. Imetulia kama reli. Kipimajoto ni kilekile.

Mwizi ni mvuke. Kikombe kikiwa wazi, maji yanapoondoka kama mvuke yanabeba joto jingi: gramu moja inayoondoka inachukua karibu joto la kushusha gramu zangu 250 zote kwa nyuzi 2. Na mvuke haufuati tofauti ya joto kwa usawa, maji ya nyuzi 86 yanatoa mvuke kwa kishindo kuliko ya 50. Ndiyo maana mwanzo chai inakimbia kuliko fomula, na baadaye inatulia. Ukifunika unaondoa sehemu kubwa ya mvuke, inabaki ile inayofuata tofauti.

Mwl_Mstaafu
Fundi, umenifurahisha. Newton alipochapisha kanuni hii ya kupoa kufuata tofauti ya joto mwaka 1701 hakupima chai. Alipima chuma cha moto, na alikiweka penye upepo unaovuma sawasawa, si kwenye hewa iliyotulia. Chuma hakitoi mvuke, na upepo uleule unaondoa hewa iliyopata joto kila mara. Kwenye hali hiyo kanuni inakaa vizuri. Sisi tumeichukua tukaitia kwenye kikombe cha maji ya moto, tukasahau masharti.

Ila dogo asije akaandika haya kwenye mtihani. Pale fomula umepewa, unaifuata.

MamaChapati_Mafinga
Sasa hapo mmesema mvuke. Chai ya rangi nikiiacha kikombeni inapoa upesi, ya maziwa yenye utando juu inakaa na moto mpaka mteja anaungua ulimi. Hilo nalijua miaka yote. Ni utando unafunika kama kisahani?

fundi_maabara
Mama, inaingia akilini, utando na mafuta ya juu vinazuia mvuke. Ila sijaipima, na maziwa yenyewe ni kitu kizito kuliko maji, huenda hayazunguki vizuri ndani ya kikombe. Wikiendi hii nitapima mara mbili, moja na utando, moja nikiuondoa kwa kijiko kila ukitokea, na vyote viwili niviweke kwenye mizani. Kama ni mvuke, kikombe chenye utando kitapoteza gramu pungufu kuliko kile kingine.

Baridi_Kali
Na cha kumimina kutoka kikombe hadi kikombe kama tunavyompozea mtoto chai?

fundi_maabara
Hiyo usiiguse, kipimajoto changu hakina kasi hiyo 😄

kidato5_njombe
Nimeandika upya, mwalimu naomba uangalie. "Chai inapomiminwa, halijoto yake inashuka kwa nyuzi 2.1 kwa dakika. Dakika ya 10 inashuka kwa nyuzi 1.56 kwa dakika na dakika ya 20 kwa nyuzi 1.15 kwa dakika. Kupoa kunapungua kasi kwa sababu tofauti kati ya chai na sebule inapungua kutoka 70 hadi 51.9 hadi 38.4, na kasi ni 0.03 ya tofauti hiyo."

Mwl_Mstaafu
Vema. Kabla ya kuirudisha shuleni, ongeza sentensi moja inayosema `dT/dt` ni hasi wakati wote na inaelekea sifuri. Hapo hata yule wa "inaongezeka" hana pa kukushika.

kidato5_njombe
Asante mwalimu. Kaka kasoma uzi wote, kasema yeye alikuwa anapima dakika ya 5 makusudi.

MamaChapati_Mafinga
Fundi, wikiendi nipime na mimi? Kipimajoto nakirudisha Jumatatu.

fundi_maabara
Pima mama. Tumia vikombe viwili vinavyofanana, usome kila dakika tano, na uandike hewa ya stendi ni nyuzi ngapi. Bila hiyo ya hewa hatutaweza kutoa kitu.